Jina Limetajwa, Ruhusa Haipo: Uchambuzi wa Mswada Mmoja

Mswada tunaouchambua hapa ni wa kubuni, ila hakuna tatizo ndani yake ambalo mhariri mzoefu hajawahi kulikuta mezani. Ni mwongozo wa ufugaji nyuki wenye maneno 28,000 katika sura saba. Mwandishi ameuleta pamoja na ripoti ya programu ya kulinganisha matini, nayo inaonyesha kwamba asilimia 8 tu ya maneno yake yanafanana na maandishi ya wengine. Kwenye barua yake anaeleza kwamba mswada ni safi, kwani kila alichonukuu ni chini ya asilimia 10 ya kitabu alikokitoa.

Mhariri ameweka alama mahali panne. Katika sura ya 2 kuna maneno 620 yanayoeleza majaribio ya zamani ya mizinga. Yametoka neno kwa neno katika kazi ya mtafiti aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita, na jina lake halionekani popote. Katika sura ya 4 kuna kurasa nne, maneno 1,450, kuhusu kugawanyika kwa makundi ya nyuki. Hizi zimewekwa ndani ya alama za kunukuu, na zina jina la mwandishi, jina la kitabu na nambari za kurasa. Katika sura ya 5 kuna aya sita zinazofanana mno na sehemu nyingine ya kitabu hicho hicho, lakini maneno yamebadilishwa, alama za kunukuu hazipo na jina halipo. Sura ya 7 inafunguliwa kwa mistari minane ya shairi la mshairi aliye hai, jina lake likiwa chini.

Ukimuuliza mwandishi ni wapi alipokosea, huenda akataja sura ya 2 na ya 5, maana huko hakutaja jina. Sura ya 4 na ya 7 ataziona salama kabisa. Kwa hakika sura ya 4 ndiyo inayoweza kumfikisha mahakamani upesi zaidi.

Maswali mawili yasiyojibiana

Kila kipande kilichochukuliwa kwa mtu mwingine kinapaswa kuulizwa maswali mawili, tena kila moja peke yake. La kwanza: je, msomaji anaambiwa ukweli kuhusu aliyeyaandika maneno haya au aliyelifikiria wazo hili? Jibu likiwa hapana, huo ni wizi wa maandishi. La pili: je, aliyenakili ana haki ya kunakili, ama kwa ruhusa ya mwenye mali ama kwa nafasi iliyoachwa na sheria? Jibu likiwa hapana, huo ni uvunjaji wa hakimiliki.

Wizi wa maandishi ni kosa la uaminifu. Anayedanganywa ni msomaji, na wanaoliadhibu ni chuo, jarida, mhariri au wanataaluma wenzake: shahada inafutwa, makala inaondolewa, mkataba unavunjwa. Kosa hili linagusa hata mawazo, mpangilio wa hoja na matokeo ya utafiti, na halina tarehe ya mwisho. Ridhaa ya aliyenakiliwa nayo haiondoi kosa. Mwanafunzi aliyenunua insha kwa rafiki yake amepewa ruhusa zote, lakini akiweka jina lake juu yake bado amemdanganya mwalimu.

Hakimiliki kwa upande wake ni mali. Inalinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi jambo lenyewe. Ina muda maalumu: Mkataba wa Berne wa 1886, ambao sasa unafuatwa na nchi nyingi duniani, unataka kwa kawaida ulinzi usiopungua uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha 70. Mwenye kulalamika ni mwenye haki, ambaye mara nyingi ni mchapishaji na si mwandishi. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuvunja hakimiliki ya makala aliyoiandika mwenyewe, ikiwa alihamishia haki zote kwa jarida kisha akaichapisha upya bila kuuliza. Waandishi wengi hushangaa wakiambiwa hivyo. Wangesoma mkataba waliotia saini wasingeshangaa.

Kumtaja mwandishi, basi, kunajibu swali la kwanza tu. Mtu akinakili kitabu kizima na kuweka jina la mwenyewe kwa herufi kubwa juu ya jalada, hajaiba sifa ya mtu, lakini amechukua mali yake.

Kuna sehemu moja ambapo maswali haya hukutana. Ibara ya 10 ya Mkataba wa Berne inaruhusu kunukuu bila kuomba ruhusa, lakini inataka chanzo kitajwe, na jina la mwandishi pia likiwa linaonekana kwenye chanzo hicho. Asiyetaja jina amejifungia mlango wa nukuu halali. Zaidi ya hayo, ibara ya 6bis inampa mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, hata kama ameuza haki za kuchapisha.

Sura ya 2: maneno ya marehemu

Kwa haraka hili linaonekana rahisi. Mtafiti alikufa zamani, ulinzi umekwisha, na kazi yake ni mali ya umma. Mwandishi angeweza kunakili kitabu kizima asidaiwe hata senti. Kosa lake ni kuficha jina, na dawa ni sentensi moja: haya ni maneno ya fulani, katika kitabu fulani cha mwaka fulani.

Hata hivyo mhariri anauliza swali moja zaidi: maneno haya ulinakili kutoka toleo lipi? Mtafiti yule hakuandika kwa Kiswahili. Mwandishi anakiri alitumia tafsiri iliyotoka 2009, na mfasiri wake yu hai. Hapo hesabu inabadilika. Majaribio ni ya marehemu, ila kila sentensi ya Kiswahili ni ya mfasiri, na tafsiri ina hakimiliki yake yenyewe kana kwamba ni kazi mpya. Ndivyo ilivyo pia kwa utangulizi, maelezo ya chini na michoro iliyoongezwa katika toleo jipya la kitabu cha zamani. Kwa hiyo sura ya 2 ina makosa yote mawili, na watu wawili hawakutajwa.

Njia ya kutoka si ngumu. Mwandishi anaweza kurudi kwenye matini asilia na kuitafsiri mwenyewe, bila kuchungulia tafsiri ya 2009, kisha amtaje mtafiti. Anaweza pia kueleza majaribio kwa lugha yake katika maneno kama 200 na kunukuu sentensi mbili tatu za tafsiri pale zinapohitajika, akimtaja mtafiti pamoja na mfasiri.

Sura ya 4: nukuu ndefu yenye adabu zote

Kitabu kilichonukuliwa kina maneno 60,000. Maneno 1,450 ni kama asilimia 2.4 yake, na mwandishi anategemea imani iliyoenea kwamba chini ya asilimia 10 ni ruhusa. Ibara ya 10 haina kiwango hicho. Inaweka masharti matatu: kazi iwe tayari imetolewa kwa umma kihalali, kunukuu kuende na desturi ya haki, na urefu usizidi unaohitajika kwa lengo la nukuu. Kipimo kiko katika sharti hilo la tatu, na hakihesabiki kwa asilimia. Sheria za nchi huongeza vipimo vyao. Marekani, kwa mfano, mahakama hupima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi iliyochukuliwa, kiasi na uzito wa kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi hiyo.

Kesi inayofundisha zaidi kuhusu kiasi iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1985, kati ya wachapishaji Harper & Row na gazeti la The Nation. Gazeti lilipata mswada wa kumbukumbu za Rais wa zamani Gerald Ford kabla haujachapishwa, likatoa makala ya maneno 2,250 hivi. Ndani yake, maneno kama 300 yalikuwa ya Ford mwenyewe, kutoka mswada wenye maneno 200,000 hivi. Ukipiga hesabu ni karibu asilimia 0.15. Gazeti lilishindwa. Mahakama ilisema maneno hayo machache, hasa yaliyohusu msamaha aliopewa Richard Nixon, yalikuwa kiini cha kitabu. Ilizingatia kwamba kazi ilikuwa haijatoka, na kwamba jarida la Time, lililokuwa limenunua haki ya kutoa dondoo kwanza, lilijitoa na kukataa kulipa dola 12,500 zilizosalia. Hasara ilikuwa na risiti.

Ulaya nako hakuna sakafu salama ya maneno machache. Mwaka 2009, katika kesi ya Infopaq, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hata dondoo la maneno 11 laweza kuwa ndani ya ulinzi, mradi limebeba ubunifu wa mwandishi.

Tukirudi kwenye nyuki, maneno 1,450 ya sura ya 4 ni sehemu kuu ya kitabu kile inayohusu kugawanyika kwa makundi: dalili zake, siku zake, na namna ya kugawa mzinga kabla nyuki hawajaondoka wenyewe. Ni sehemu ambayo mfugaji angenunulia kitabu. Sasa mtazame mwandishi wetu anaifanyia nini. Baada ya nukuu ya kurasa nne anaandika mstari mmoja, kwamba mfugaji azingatie maelezo hayo, kisha anahamia magonjwa. Hajaipinga, hajaifafanua, hajailinganisha na uzoefu mwingine. Nukuu imefanya kazi aliyopaswa kuifanya yeye. Tena vitabu vyote viwili vinauzwa kwa wasomaji wale wale, na aliyenunua kimoja hana tena haja ya kutafuta sura hiyo katika kingine.

Kuna jaribio ambalo wahariri hulitumia na halijawahi kutuangusha: funika nukuu kwa karatasi usome sura bila hiyo. Kama hoja ya mwandishi bado inasimama, na nukuu ilikuwa ushahidi wake au shabaha ya ukosoaji wake, urefu wake una uwezekano mkubwa wa kutetewa. Kama hakuna kilichobaki ila vichwa vya habari, hiyo si nukuu tena, ni kuchapisha upya kazi ya mtu.

Katika mapitio, mwandishi aligundua kwamba jambo analotaka hasa kulijadili ni dai moja la kitabu kile: kwamba kugawa mzinga mapema ni bora kuliko kuvunja seli za malkia. Analikubali kwa mizinga mikubwa na kulipinga kwa midogo. Dai hilo limo katika aya moja ya maneno 90. Aya hiyo inabaki kama nukuu, na inafuatiwa na kurasa mbili za hoja yake. Mengine yanaelezwa upya kwa mpangilio wake mwenyewe, na chanzo kinatajwa.

Anaweza kuyaeleza upya bila ruhusa kwa sababu ukweli hauna mwenyewe. Malkia hukomaa kwa siku 16 hivi tangu yai, kibarua kwa 21, dume kwa 24. Kiini cha kiota hukaa karibu nyuzi joto 35. Hakuna anayeweza kumdai mtu kwa kuandika hivyo. Mambo kama haya yanajulikana kwa kila mfugaji na hayahitaji hata rejea. Tokeo la utafiti wa mtu mmoja, ambalo bado halijawa elimu ya wote, ni huru kisheria lakini kiuaminifu linadai jina.

Sura ya 5: maneno yaliyobadilishwa nguo

Hapa ndipo ripoti ya asilimia 8 inapojionyesha haifai kutegemewa. Maneno 620, 1,450 na 48 ya shairi ni 2,118 kati ya 28,000, karibu asilimia 7.6, ripoti nzima imeliwa na vipande vitatu vinavyoonekana kwa macho. Aya sita za sura ya 5 hazikuguswa na programu kwa kuwa hutafuta mfuatano wa maneno yale yale. Mhariri aliziona kwa njia ya kawaida: ghafla lugha ilinyooka kuliko kurasa zilizotangulia, na mifano ikaja kwa utaratibu alioukumbuka.

Tuseme chanzo kinasema hivi: «Kundi linapokaribia kugawanyika, vibarua hupunguza kumlisha malkia, naye hupungua uzito hadi aweze kuruka tena.» Mswada unasema: «Koloni likiwa karibu kutengana, vibarua humpunguzia malkia chakula, naye hukonda mpaka aweze kuruka upya.» Kila neno lenye visawe limebadilishwa, lakini mifupa ya sentensi ni ile ile. Aya sita za namna hiyo, kwa mfuatano ule ule na mifano ile ile, ni wizi wa maandishi hata kama sentensi moja moja haifanani. Je, ni uvunjaji wa hakimiliki pia? Sentensi moja kama hii inayotaja jambo la kweli, pengine hapana. Aya sita zinazofuata uteuzi na mpangilio wa mwandishi mwingine, inawezekana kabisa, kwa sababu ulinzi unafika kwenye mpangilio wa kibunifu na haukomei kwenye maneno. Mstari huu hauna kipimo kamili, na mchapishaji mwenye busara hasubiri hakimu amchoree.

Kuongeza jina mwishoni mwa aya hizo kungepunguza kosa, kusingelimaliza, kwa sababu msomaji angedhani lugha ni ya mwandishi na kwamba ni taarifa tu zilizotoka kwingine. Mwandishi aliambiwa asome chanzo, akifunge, kisha aandike kwa ajili ya msomaji wake bila kukitazama. Sentensi ile ikawa: «Ukiona malkia amekonda ghafla na mayai yamepungua, usikimbilie kudhani ni ugonjwa, huenda vibarua wanamnyima chakula makusudi ili kundi lihame.» Jina la chanzo na nambari ya ukurasa vinafuata. Sasa hoja imeanzia kwa anachokiona mfugaji, na hakuna haja ya alama za kunukuu.

Sura ya 7: mistari minane

Shairi lote lina mistari 16, kwa hiyo mistari minane ni nusu yake. Maneno ni 48 tu, lakini sehemu ya kazi iliyochukuliwa ni kubwa kuliko ya sura ya 4 mara ishirini. Ndiyo maana hesabu ya maneno ya nathari haifai kwa mashairi na nyimbo. Kibaya zaidi, mistari imewekwa kama pambo. Sura yenyewe haizungumzii shairi, kwa hiyo hakuna lengo la nukuu ambalo urefu wake ungepimwa. Kama sura ingechambua taswira ya nyuki katika ushairi, hata mistari mitano ingeweza kutetewa. Kwa pambo, ushauri wetu ni kuomba ruhusa au kuacha.

Desturi za wachapishaji

Nyumba za uchapishaji hupenda kujiwekea viwango ili mhariri asiamue kila kitu upya. Vinatofautiana, ila kwa kitabu kizima cha nathari mara nyingi hukaa kwenye maneno 300 hadi 400 kwa jumla kutoka chanzo kimoja, na kwa mashairi na nyimbo huomba ruhusa hata kwa mstari mmoja. Neno la kuangalia hapo ni jumla: nukuu kumi za maneno 60 zilizotawanyika katika sura saba ni maneno 600. Viwango hivi ni vya ndani ya nyumba. Ukivizidi hujavunja sheria papo hapo, na ukiwa chini yake hujapata kinga. Kwa makala fupi ya maneno 800, hata nukuu ya maneno 300 ni zaidi ya theluthi ya makala yote.

Mwandishi hakutaka kuacha mistari ya shairi, kwa hiyo aliandika barua kwa mchapishaji wa diwani. Barua ya namna hiyo inataja mistari ileile kwa mstari wake wa kwanza na wa mwisho, ukurasa na toleo, kitabu itakamoingia, idadi ya nakala, bei iliyokadiriwa, lugha, nchi itakakouzwa, na kama kutakuwa na toleo la kidijitali. Majibu huweza kuchukua miezi, na kimya hakihesabiki kuwa ndiyo. Mwandishi anayeweka kwenye kitabu kwamba alijitahidi kumtafuta mwenye haki asimpate anaonyesha nia njema, lakini hajapata ruhusa.

Jibu lilikuja likiruhusu mistari minne, kwa nakala 2,000 za karatasi pekee, na maneno maalumu ya shukrani kwenye ukurasa wa hakimiliki. Mhariri aliyanakili masharti hayo kwenye faili la kitabu, kando ya idadi ya nakala za chapa ya kwanza. Katika faili la toleo la kidijitali aliiondoa mistari ile, na sura ya 7 ikaanza moja kwa moja na aya yake ya kwanza.